Uso ni wa mzee, lakini simu ilishikwa na nani?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni meneja wa SACCOS ya wakulima wa zabibu, nje kidogo ya Dodoma mjini. Mikopo midogo tunaitoa kwa apu: mwanachama anaweka namba ya NIDA, anajipiga video ya uso, anaambiwa apepese macho, ageuke kushoto, ageuke kulia. Mwezi uliopita mzee wetu mmoja amekuta ana mkopo wa shilingi 1,400,000 ambao anaapa hakuuomba. Video ipo, nimeiona, ni yeye kabisa na amegeuka kama alivyoambiwa. Bodi inasema mzee anadanganya. Je, mashine inaweza kudanganywa hivyo? Na nitajuaje?"*

Dada, kabla hujasoma zaidi, wapigie leo hii waliowatengenezea apu uwaambie wasifute chochote kinachohusu ombi lile la mkopo. Video peke yake haitoshi. Waambie unataka na majaribio yaliyoshindwa kabla ya lile lililofaulu, saa ya kila jaribio, aina ya simu iliyotumika, na taarifa za vihisio vya simu kama apu yenu huzichukua. Mifumo mingi hufuta vitu hivi yenyewe baada ya muda, na jibu la swali lako liko humo kuliko kwenye sura ya mzee.

Ndiyo, mashine inaweza kudanganywa hivyo. Tena kwa apu inayouliza yale matatu uliyoyataja, si kazi kubwa. Sisemi mzee wenu ni mkweli, maana sijaona kumbukumbu zenu, na nimewahi kukutana na mwanachama aliyekopa kwa mkono wake kisha akakana. Ninachosema ni kwamba video inaonyesha uso wake ulikuwa mbele ya kamera fulani, siku fulani. Haionyeshi kwamba kamera hiyo ilikuwa ya simu iliyoomba mkopo, wala kwamba siku hiyo ndiyo siku ya mkopo. Bodi imeyachanganya mambo hayo mawili, na siwalaumu, kwa sababu apu yenyewe imeyachanganya.

Uhakiki wa uhai, yaani ile sehemu inayokuambia upepese na ugeuke, ulibuniwa kumzuia mtu anayeshika picha mbele ya lenzi. Picha ya karatasi haipepesi. Baadaye matapeli wakaacha picha, wakaanza kuonyesha video kwenye simu ya pili au kishikwambi mbele ya simu ya kwanza. Hilo nalo linaonekana, na inafaa ujue linaonekanaje, kwa sababu litakusaidia kuelewa kwa nini mbinu ya sasa haionekani kwa njia hiyohiyo.

Chukua vyandarua viwili, kimoja ukitandaze juu ya kingine, uvitazame penye mwanga. Utaona mawimbi makubwa yanayotembea ukivisogeza, mawimbi ambayo hayamo katika chandarua chochote kati ya hivyo viwili. Yanatokana na matundu ya kimoja kukutana na matundu ya kingine bila kulingana. Kioo cha simu ni matundu ya aina hiyo, vidoto vya mwanga vilivyopangwa kwa mistari, na kihisio cha kamera nacho ni vidoto vilivyopangwa kwa mistari. Kamera ikipiga kioo, mawimbi yale hujitokeza mashavuni na kwenye paji la uso. Mara nyingi jicho halioni, lakini programu iliyofundishwa kuyatafuta huyaona. Pamoja na hayo kuna mng'ao wa taa unaoteleza juu ya kioo, kingo za kishikwambi zinazoingia pembeni, na rangi iliyopauka kwa sababu imepita kamera mbili.

Kuna na kipimo kingine ninachokipenda, kwa sababu kinategemea umbo la kichwa na hakitegemei ujanja wa programu. Mtumiaji anaambiwa asogeze simu karibu na uso. Tuseme ncha ya pua iko sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, na masikio yako sentimita 12 nyuma ya pua, yaani 42. Gawanya 42 kwa 30, unapata 1.4. Hicho ndicho kiasi ambacho pua imekuzwa kuliko masikio. Sasa sogeza simu hadi sentimita 15: pua ni 15, masikio ni 27, na ukigawanya unapata 1.8. Yaani simu ikikaribia, pua inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Jaribu kwa simu yako utaona. Lakini ukisogeza simu kwenye video inayochezwa juu ya kioo bapa, pua na masikio vyote viko umbali mmoja, kwa hiyo vinakua pamoja na uwiano haubadiliki.

Vipimo hivi vyote vinakagua kitu kilichosimama mbele ya lenzi. Tapeli wa leo haweki kitu mbele ya lenzi. Anaingia nyuma yake.

Simu inapopiga video, picha haiendi moja kwa moja kutoka kwenye lenzi hadi kwenye apu yenu. Inapita kwanza kwenye mfumo wa simu, na mfumo ndio unaoikabidhi apu ukisema, "hii hapa, imetoka kamera ya mbele." Apu inaamini, haina jicho lake yenyewe. Sasa mtu mwenye simu iliyofanyiwa ruti, yaani iliyovunjwa kufuli ili mwenyewe awe na mamlaka juu ya mfumo wote, anaweza kuulazimisha mfumo uikabidhi apu faili la video badala ya picha ya kamera. Mwingine hatumii simu kabisa. Anaendesha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, na kamera ya simu hiyo ni chochote atakachotaka iwe. Mwingine anaifungua apu yenyewe, anabadilisha vipande vyake na kuifunga tena. Na kama huduma inafanyika kwenye kivinjari cha kompyuta badala ya apu, ni rahisi zaidi, kwa sababu kamera bandia huchaguliwa kwenye orodha kama kamera nyingine yoyote.

Katika njia hizi zote hakuna kioo kilichopigwa picha. Hakuna mawimbi ya vyandarua, hakuna mng'ao, hakuna kingo. Video ya awali ilipigwa kwa kamera ya kweli mbele ya uso wa kweli, kwa hiyo hata pua na masikio vitatii hesabu yangu ya hapo juu ikiwa mwenye uso aliambiwa asogee. Ndiyo maana uliitazama video ukaona ni mzee wenu kabisa. Inawezekana kweli ni yeye kabisa.

Utauliza video hiyo aliipata wapi. Nikusimulie kesi niliyoishughulikia mwaka jana, ya taasisi ya mikopo isiyo yenu, na mama mmoja muuza mahindi wa Kibaigwa. Alipigiwa simu ya video alasiri moja na kijana mwenye shati safi, aliyejitambulisha kuwa anahakiki taarifa za wanachama. Akamwambia: "Mama, nitazame vizuri. Pepesa macho. Geuka kushoto taratibu. Rudi. Geuka kulia." Mama alitii, kwa sababu ndivyo apu ilivyomzoesha. Kijana alikuwa anarekodi kioo chake. Namba ya NIDA ya mama alikuwa nayo tayari, maana tunaacha nakala za vitambulisho kila mahali tunapotolea fotokopi. Siku mbili baadaye mkopo ukatoka.

Taasisi ilinikabidhi majaribio matatu ya usiku huo: saa 3:14, saa 3:17 na saa 3:22. Mawili ya kwanza yalishindwa, la tatu likafaulu. Apu yao ilikuwa inabadilisha mpangilio wa amri tatu kwa bahati nasibu, na walijivunia hilo. Lakini vitu vitatu vinaweza kupangwa kwa njia sita tu. Mtu mwenye video ya mpangilio mmoja ana nafasi moja kati ya sita kwa kila jaribio, na akijaribu mara sita nafasi ya kupata angalau mara moja inafika karibu theluthi mbili. Apu ile haikuweka kikomo cha majaribio. Na huyu hakusubiri hata bahati: aliikata video vipande vitatu ili awe anavicheza kwa kufuata amri zinapotokea.

Nilianza kwa kutazama kwa macho, kama ulivyofanya wewe, ila sikuutazama uso. Nilitazama nyuma ya mama. Kulikuwa na mlango ulio wazi, na nje ya mlango kulikuwa na jua. Saa tatu usiku. Hilo pekee lilitosha kunyanyua nyusi, lakini mwanasheria wa taasisi alisema saa ya seva inaweza kuwa na kasoro, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikacheza jaribio la kwanza na la tatu sambamba. Katika la kwanza, mama anapogeuka kushoto, kuku mwekundu anapita mlangoni kutoka kulia kwenda kushoto. Katika la tatu, dakika nane baadaye, mama anageuka kushoto, na kuku yuleyule anapita mlango uleule, akiinua mguu katika fremu ileile. Hapo mwanasheria alinyamaza.

Usitegemee kupata kuku kila mara, ndiyo maana nilipima na mambo mengine matatu ambayo nataka uyaombe kwa waliowatengenezea apu.

La kwanza lilikuwa muda wa kuitikia. Mtu akiona amri kwenye kioo, hata awe mwepesi, anahitaji takriban robo ya sekunde kabla mwili haujaanza kusogea, na mzee anayesoma maandishi kwanza atachukua sekunde nzima au mbili. Katika jaribio la tatu, kichwa cha mama kilianza kugeuka sekunde 0.08 baada ya amri kutokea. Hakuna binadamu anayesoma na kugeuka kwa kasi hiyo. Kipande kilikuwa kimeshaanza kuchezwa, na amri ikamkuta njiani.

La pili lilikuwa mwendo wa fremu. Kamera ya simu ya bei ya kawaida ikiwa kwenye mwanga hafifu hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde, kwa sababu kila fremu inahitaji muda zaidi kukusanya mwanga. Mwanga ukibadilika, mwendo nao hubadilika. Video ya mama ilitoka ndani ya nyumba yenye kiza, uso ukiwa umetiwa kivuli na mlango wenye jua kwa nyuma, lakini fremu zilifika kwa seva kila baada ya milisekunde 33.3, bila kuyumba tangu mwanzo hadi mwisho. Faili huchezwa hivyo. Kamera ya aina ile ya simu haipigi hivyo katika nyumba ile. Peke yake ningesema ni dalili tu, si ushahidi.

La tatu ndilo lililofunga mjadala. Kila simu ina kihisio kinachopima mvuto wa dunia, ndicho kinachojua umeilaza simu au umeisimamisha. Mvuto ni karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na ukishika simu mbele ya uso, sehemu kubwa ya namba hiyo huangukia kwenye urefu wa simu, huku ikitetemeka kidogo kwa sababu mkono wa mtu hautulii. Katika majaribio yote matatu ya usiku ule, 9.8 nzima ilikuwa kwenye mhimili unaotoka kiooni kwenda juu, na haikutetemeka. Simu ilikuwa imelala juu ya meza, chali. Wakati huohuo video inaonyesha uso uliotazamwa kwa usawa wa macho, na ukuta wa nyuma ukicheza kwa mtikisiko wa mkono. Simu iliyolala haiwezi kuwa ndiyo simu iliyopiga picha ile. Taasisi ilifuta deni la mama siku hiyo.

Angalia kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoutazama uso. Ni muhimu kwako, kwa sababu tapeli wa mama alikuwa na video ya kurudiwa tu, na wengine wana kitu kizuri kuliko hicho: dipufeki, uso uliotengenezwa na programu. Programu hizo sasa zinaweza kuchukua picha moja tu ya mtu, kwa mfano ile ya wasifu wa WhatsApp, na kuuvika uso wake juu ya uso wa tapeli wakati tapeli anaendelea kuongea na kugeuka. Huyo hahitaji kukata vipande. Apu ikisema pepesa, anapepesa. Ikisema ongea namba 4719, anaongea. Kuna mtu hai kwelikweli mbele ya kamera, ila si yule ambaye sura yake unaiona. Amri za kugeuka na kupepesa hapo zinakuwa zimemthibitisha tapeli kuwa yuko hai, jambo ambalo hakuna aliyelibishia.

Zamani tuliwafundisha watu wamwambie mtu apitishe mkono mbele ya uso au ageuke hadi sikio lionekane lote, kwa sababu uso wa kuvikwa ulikuwa unapasuka kwenye kingo, meno yanakuwa ukanda mmoja mweupe, nywele zinayeyuka. Bado dalili hizo hutokea, hasa mtu akigeuka sana upande. Lakini mbinu inaboreka kila mwezi, na video zetu hubanwa sana ili zipite kwenye mtandao wa vijijini, hivyo ukungu wa kubanwa unaficha ukungu wa kughushi. Hata mapigo ya moyo hayatoshi. Kuna mifumo inayotafuta mabadiliko madogo ya rangi ya ngozi kila damu inaposukumwa, ikiamini kwamba uso wa kughushi hauna damu. Mwaka 2025 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba uso wa kughushi unaweza kubeba mapigo ya mtu aliyeuendesha, kwa sababu mabadiliko yake ya rangi hupenya pamoja na mwendo wake. Kwa hiyo nisingependa SACCOS yenu ilipie mfumo ambao sifa yake yote ni kwamba "unatambua dipufeki kwa kutazama."

Kinachofaa zaidi ni kuihoji simu. Kwa simu za Android, Google wana huduma ya Play Integrity. Apu inaiomba, Google wanaikagua simu na apu, kisha jibu lililosainiwa linapelekwa kwa seva yenu. Baada ya taasisi ile kuiweka, jaribio la kwanza la kitapeli lililofuata lilileta jibu hili:

```json
"appIntegrity": {
  "appRecognitionVerdict": "UNEVALUATED"
},
"deviceIntegrity": {}
```

Mstari wa `UNEVALUATED` unamaanisha apu haikutathminiwa kabisa, kwa sababu simu yenyewe haikuaminika. Mabano matupu ya `{}` yanamaanisha simu haikupata hata alama moja. Simu ya kawaida isiyovunjwa huleta `MEETS_DEVICE_INTEGRITY` hapo ndani. Video iliyoambatana na jibu hili ilikuwa nzuri sana, na uso ulilingana na kitambulisho. Bila mistari hiyo mkopo ungetoka.

Lakini sharti uamuzi ufanyike kwenye seva. Taasisi ile ilikuwa na ukaguzi wa simu tangu awali, ila apu ndiyo iliyojikagua na kujijibu "niko sawa." Tapeli alibadilisha neno hilo moja na kazi ikaisha. Pia seva itoe namba mpya kwa kila jaribio, itumike mara moja tu na iambatane na jibu la Google pamoja na video, la sivyo mtu atachukua jibu safi la simu nzuri ya jana na kulibandika kwenye video ya leo.

Hata hivyo, mtaalamu wa kweli wa uhalifu huu huweza kuighushi taarifa ya kihisio cha mvuto, na wapo wanaofanikiwa kuifanya simu iliyovunjwa ionekane salama mbele ya Google. Kwa upande mwingine, kuna simu halali kabisa zitakazofeli: zile zisizo na huduma za Google, na baadhi ya simu za bei nafuu ambazo hazijawahi kuidhinishwa. Wanachama wenu wengi huenda wana simu za aina hiyo. Ukiweka kufuli la ndiyo au hapana, utawafukuza wakulima na kumchelewesha tapeli kidogo tu. Kwa hiyo simu isiyopata alama isikataliwe. Ipelekwe dirishani: mwanachama aje ofisini na aweke kidole. Tapeli haji.

Tahadhari hiyohiyo ya kutowafukuza wanachama halali muwe nayo kwenye vipimo vya mbele ya lenzi. Baadhi ya mifumo huwasha rangi kwenye kioo cha simu, nyekundu, bluu, kijani kwa mpangilio usiotabirika, na kutazama uso ukizirudisha. Ni kipimo kizuri, kwa sababu rangi huangukia pua tofauti na shavu, na video ya zamani haiwezi kujua rangi za leo. Lakini mwanga wa kioo unaofika usoni kutoka sentimita 30 ni makumi tu ya luksi, na jua la saa sita mchana shambani Mpunguzi ni karibu luksi 100,000. Rangi hazitaonekana kamwe. Ngozi nyeusi nayo hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, hivyo mfumo uliopimwa kwa watu wa mbali utawakataa wazee wetu kwanza. Kabla ya kununua, waambie wauzaji walete matokeo ya upimaji wa kiwango cha ISO/IEC 30107-3, wakuonyeshe namba mbili: mashambulizi mangapi kati ya mia yalipita, na watu halali wangapi kati ya mia walikataliwa. Watakuonyesha ya kwanza kwa furaha. Sisitiza ya pili. Kisha fahamu kwamba kiwango hicho kinahusu mambo ya mbele ya lenzi pekee. Ya nyuma ya lenzi Ulaya waliyaandikia waraka wake, CEN/TS 18099, wa mwaka 2024. Muuzaji akikuambia ana cheti cha ISO kwa hiyo video ya kupenyezwa haiwezi kupita, amekujibu swali jingine.

Turudi kwa mzee. Kumbukumbu zikifika, tazama kwanza kama kulikuwa na majaribio yaliyoshindwa dakika chache kabla, na uyacheze sambamba na lile lililofaulu. Tafuta kuku wako: pazia linalopepea vilevile, mtoto anayepita, kivuli, kope zinazofunga kwa namna ileile. Linganisha mwanga wa video na saa ya ombi. Tazama simu iliyotumika ni ya aina gani, na kama mzee amewahi kuimiliki. Muulize, kwa upole na bila wajumbe wa bodi kumzunguka, kama kuna mtu aliyempigia video akimwelekeza kugeuka. Watu wengi huona aibu kulisema hilo. Na ufuatilie fedha ilikwenda kwenye laini gani. Mzee apige `*106#` kwenye simu yake aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ikitokea laini asiyoijua, na fedha ilipita humo, una kitu cha kupeleka polisi chenye uzito kuliko uso.

Ikiwa kinyume chake kumbukumbu zinaonyesha simu ya mzee mwenyewe, iliyotikisika mkononi, ikajibu amri kwa mwendo wa mtu anayesoma taratibu, na fedha ikaingia kwenye laini yake ya miaka yote, basi bodi ina hoja, ingawa hata hapo ningemuuliza ni nani nyumbani anayemsaidia kutumia simu. Wajukuu hujua nywila.

Video yenyewe isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Taarifa za kibayometria ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, video inayomwonyesha mzee akigeuka kushoto na kulia kwa utaratibu wa apu yenu ndiyo malighafi ambayo tapeli mwingine anaitafuta. Waliokwisha kuipata waifute.

Hadi waliowatengenezea apu wakamilishe marekebisho, ningefanya mambo mawili wiki hii hii, maana hayahitaji programu mpya. Majaribio yasizidi matatu kwa siku kwa namba moja ya NIDA, la nne liende dirishani. Na mkopo wowote unaoombwa kupitia simu ambayo mwanachama hajawahi kuitumia usubiri saa 24, huku karani wenu akimpigia kwenye namba mliyoandika daftarini siku alipojiunga, si ile iliyo kwenye ombi. Aulize kwa sauti tu, asimwombe awashe kamera.